Mama Mkwe, Shahidi wa Mdaiwa

Anayenunua vyombo kwa Najma, Mtaa wa Mchikichi, hapewi porojo. Sahani ikiwa na ufa ataambiwa ina ufa. Sufuria ikivuja atairudisha, na hatakunjiwa uso. Kariakoo nzima hiyo ni tabia adimu, na baadhi ya majirani zake waliiona ni ugonjwa. Ndiyo maana Najma alipokuja kudanganywa yeye, tena na kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi, lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

Ilikuwa hivi. Mumewe Ismail, fundi saa pale Msimbazi, alikuwa ametimiza miaka kumi na tano ya ndoa bila kuipeleka familia popote zaidi ya Bagamoyo. Binti yao Nasreen alikuwa akirudi kutoka shuleni na hadithi za wenzake waliokwenda mbugani. Na mama yake Ismail, Bi Siti, mwenye miaka sabini na mdomo wa ishirini, alikuwa akisema kila Ijumaa kwamba anaogopa kufa hajamwona tembo. Alisema "kufa" kwa namna ya mtu anayeomba soda.

Basi Najma akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu ya jengo moja hapo hapo Msimbazi, kwenye ofisi ya Nyati Mcheshi Safari. Mwenye ofisi aliitwa Bryson. Aliinuka kitini, akamwamkia, akamletea maji baridi, kisha akafungua picha kwenye kompyuta. Lodji ndani kabisa ya hifadhi ya Mikumi, veranda inayotazama mbuga, bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu. Gari: Land Cruiser la paa la kufunguka, unasimama ndani kama mheshimiwa kwenye gwaride. Usiku mbili, chakula, viingilio, dereva, vyote ndani ya bei moja.

"Dada yangu," Bryson alisema, "mkirudi mtanitafuta kunishukuru."

Alisema kweli nusu. Walimtafuta.

Najma alilipa milioni mbili na laki nane, akapewa risiti na mkataba wa kurasa mbili, akatia sahihi.

Asubuhi ya safari wakasimama nje ya nyumba yao na mabegi, Bi Siti kavaa buibui jipya na raba nyeupe. Badala ya Land Cruiser ikaja Noah. Siyo kwamba Noah ni gari baya. Lakini ile ilikuwa Noah iliyochoka. Kwenye kioo cha nyuma bado kulikuwa na karatasi iliyoandikwa "Harusi ya Agnesi," na mlango wa ubavuni ulifunguka kwa nje tu. Dereva, Robert, alikuwa mpole aliyeomba radhi kwa kila kitu, hata kwa foleni.

"Land Cruiser imepata hitilafu kidogo," alisema. "Ila bosi kasema hii ni ya hadhi ile ile."

"Paa lake linafunguka?" Nasreen aliuliza.

Robert alilitazama paa kama anayeliona mara ya kwanza. "Madirisha yanafunguka," alisema. "Mawili."

Wakaondoka. Njiani Najma alimpigia Bryson mara tatu, na mara tatu Bryson akamwambia, "Usijali, dada, lodjini mtasahau yote."

Lodjini hawakufika. Jua lilikuwa linazama Robert alipokata kona kwenye mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, nje kabisa ya hifadhi, akasimama mbele ya gesti ambayo uwanja wake ulikuwa umejaa malori ya kwenda Zambia. Lodji imejaa, alieleza huku akikwepa macho ya Najma. Bosi kawatafutia hapa.

Mapokezini alikaa dada mmoja akila karanga. Aliwatazama wote wanne, akauliza swali alilozoea kuwauliza wateja wake:

"Mnalala au mnapumzika?"

Ismail alikohoa. Najma akahisi masikio yanawaka moto. Lakini Bi Siti, ambaye hakuwa na shaka na swali hilo hata chembe, alijibu kwa heshima zote: "Tutapumzika kwanza, mwanangu, halafu tulale."

Usiku ule Najma hakulala. Madereva wa malori walipasha injini, bomba la bafuni lilipiga chafya badala ya kutoa maji, na wakaletewa ndoo. Kesho yake waliingia hifadhini na Noah. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope mpaka askari wa hifadhi wakaja kuwavuta kwa kamba, na wakati wote huo simba wawili walikuwa wamelala upande wa dirisha lisilofunguka. Nasreen aliwaona kupitia kioo chenye ukungu. Alisema walifanana na magunia.

Hayo ni ya Najma. Sasa sikiliza ya Bi Siti.

Bi Siti aliamka alfajiri kuswali, akatoka uani kuchukua ndoo, na pale nyuma ya gesti, kwenye migomba ya jirani, alimkuta tembo. Tembo mzima, na mwanawe. Wanakula ndizi za watu kwa utulivu kama wamealikwa. Bi Siti hakupiga kelele. Alitoa simu kifuani, akajirekodi: uso wake mbele, tembo nyuma, meno yake machache yote nje. "Jamani! Safari tamu! Tembo kaja mwenyewe kuniona! Ahsante Nyati Mcheshi!" Akaituma kwenye kikundi cha ukoo, kikundi cha madrasa, kikundi cha kufa na kuzikana, na kwa fundi wake wa cherehani.

Kwa hiyo familia moja ilirudi Dar es Salaam na safari mbili tofauti kabisa.

Najma hakutaka makuu. Chakula walikula, viingilio vililipwa, mbuga wameiona, hivyo hakuvidai. Alidai sehemu tu: tofauti kati ya lodji na gesti, na kati ya Land Cruiser na Noah ya harusi ya Agnesi. Akapiga hesabu, akapata milioni moja na laki nne, akapanda ngazi zile zile.

Safari hii hakuletewa maji.

"Dada, mkataba unasema kampuni inaweza kubadilisha malazi na usafiri kwa vya hadhi sawa," Bryson alisema, kidole kwenye kifungu cha saba. "Nilibadilisha."

"Gesti ya malori na lodji yenye bwawa ni hadhi sawa?"

"Hadhi ni suala la mtazamo." Kisha akatabasamu. "Lakini mimi si mtu wa ugomvi. Nawapa safari ya bure ya Saadani. Familia nzima."

"Kwa gari gani?"

Bryson aliukunja mkataba.

"Basi," Najma alisema akiinuka, "hiyo ya Saadani nayo nitakuja kuidai hapa hapa. Nipe changu, nisije nikazeeka kwenye ngazi zako."

Alimwandikia barua ya kudai, akampa wiki mbili. Wiki mbili zikapita kimya. Shemeji mmoja akamshauri aende polisi; akaenda, na askari wa zamu akamsikiliza vizuri kisha akamwambia, "Mama, huyu hajakuibia, ameshindwa kutimiza makubaliano. Hiyo si jinai, ni madai. Nenda mahakama ya mwanzo." Akaenda mahakama ya mwanzo. Karani akampokea, madai yakaandikwa, ada ikalipwa, tarehe ikapangwa, na Bryson akapelekewa wito.

Nyumbani Ismail alifanya alichokuwa akifanya siku zote mkewe na mama yake walipotofautiana: alichukua saa mbovu, akaifungua, akaingiza uso ndani.

"Unampeleka mtoto wa watu mahakamani?" Bi Siti aliuliza. "Yule aliyenionyesha tembo?"

"Mama, tembo si wake."

"Nimemwona kwenye safari yake."

"Umemwona chooni, Mama."

"Uani," Bi Siti alisahihisha. "Na hata angekuwa chooni."

Hapo mambo yangeishia kwenye kununiana, lau Bryson asingekuwa mjanja. Siku moja Najma alirudi kutoka dukani akakuta bakuli la halua mezani, nusu imekwisha, na mama mkwe wake ana uso wa mtu aliyelishwa sifa akazitafuna.

"Alikuja Bryson," Bi Siti alisema. "Kijana ana adabu, shikamoo yake inatoka moyoni. Anasema ameiona ile video yangu. Ameiweka kwenye ukurasa wa kampuni. Watu elfu kumi na moja wameniona, Najma! Ananiita balozi."

Najma alikaa chini taratibu. "Na alitaka nini?"

"Niende mahakamani nikaseme kweli."

"Upande wake?"

"Kweli ina upande?" Bi Siti alichota halua. "Kaniuliza, bibi, utasema kweli? Nikamwambia mimi tangu nizaliwe Buguruni sijawahi kusema uongo ila kwa marehemu baba yenu. Basi. Tena kasema kesi ikiisha vizuri atanipeleka Serengeti."

Najma alimgeukia mumewe. "Baba Nasreen, umesikia?"

Ismail alikuwa ameingiza uso ndani ya saa ya ukutani, na kutoka humo sauti ikasema: "Mama Nasreen, mimi naona hii springi ndiyo yenye matatizo."

Usiku huo Najma aliwaza kufuta kesi. Haikuwa pesa tena. Kumshinda Bryson ni kitu kimoja. Kusimama mbele ya watu na kumbana kwa maswali mama aliyemkaribisha nyumba hii akiwa msichana wa miaka ishirini, aliyemlea Nasreen mgongoni yeye akiwa dukani, hilo ni jambo lingine. Watasema nini Mtaa wa Mchikichi? Kwamba Najma kamshitaki mama mkwe wake kwa sababu ya bwawa. Lakini kila alipofumba macho aliliona lile tabasamu la "hadhi ni suala la mtazamo," na usingizi ukakimbia.

Siku ya kesi ikafika. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ndogo iliyowanyamazisha watu kuliko kelele, na aliamua kukaa na wazee wa baraza wawili. Shahidi haruhusiwi kusikiliza ushahidi wa wenzake, hivyo Bi Siti akaambiwa asubiri nje. Alitoka kwa shingo upande, akachagua benchi lililo chini ya dirisha.

Najma alitoa ushahidi wake. Alitoa mkataba, risiti, zile picha za bwawa alizotumiwa kwenye simu, akiwa amezichapisha, na picha alizopiga mwenyewe: gesti, malori, ndoo, Noah kwenye tope. Mzee wa baraza mmoja aliipokea ile ya Noah, akaitazama kwa karibu.

"Huyu Agnesi ni nani?"

"Simjui, mheshimiwa. Tulimkuta kwenye gari."

Hakimu aliandika kitu bila kuinua kichwa.

Kisha Bryson akajitetea. Alikuja bila wakili, suti ya kijivu, na alisema vizuri mno. Lodji ilijaa ghafla. Gari lilipata hitilafu. Kifungu cha saba kinaruhusu mabadiliko. Na zaidi ya yote, mheshimiwa, wateja walifurahi.

"Lodji ulishailipia kabla haijajaa?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nililipa amana."

"Risiti iko wapi?"

"Ipo ofisini, mheshimiwa."

"Ofisi yako iko wapi?"

"Msimbazi."

Hakimu alitazama dirishani kuelekea upande wa Msimbazi, ambako ni kutembea tu kwa mguu. "Vizuri. Kailete. Tutaendelea na shauri jingine, ukirudi tunaendelea na lako."

Shauri jingine lilikuwa la mbuzi wawili. Liliendelea, likaahirishwa, na wenye mbuzi walikuwa wameshatoka wakigombana nje Bryson aliporudi, suti imelowa jasho mgongoni. Alikuwa na risiti kweli. Hakimu akaisoma.

"Hii ni ya mafuta ya gari."

"Ya lodji… nadhani mhasibu anayo nyumbani, mheshimiwa."

"Mhasibu wako ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

Watu kwenye mabenchi wakacheka, karani akawanyamazisha. Najma hakucheka. Alijua kinachofuata, na kweli, Bryson alijifuta paji la uso, akanyoosha tai, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa karata aliyoificha:

"Naomba kumwita shahidi wangu, Bi Siti binti Zahoro."

Bi Siti aliingia kwa mwendo wa bibi harusi. Alikuwa na buibui lile lile la safari na zile raba nyeupe. Aliapa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha akawasalimia wazee wa baraza mmoja mmoja na kuwauliza habari za nyumbani, mpaka hakimu akamwomba ajibu tu anayoulizwa.

"Bibi," Bryson alianza kwa utamu, "katika safari ile, ulifurahi?"

"Sana."

"Ulimwona tembo?"

"Tembo na mwanawe. Wanakula ndizi."

"Chumba ulicholala, kwako kilikuwaje?"

"Kizuri. Kilikuwa na feni. Buguruni nilikokulia tulilala ndugu saba chumba kimoja, feni yetu ilikuwa mlango. Kwangu mimi kile kilikuwa ikulu."

Bryson akaomba kuonyesha video. Simu ikapitishwa mbele, na sauti ya Bi Siti ikajaa chumba cha mahakama: *Safari tamu! Ahsante Nyati Mcheshi!* Bi Siti mwenyewe aliinamia kujitazama, akaridhika.

"Sina swali zaidi," Bryson alisema, akakaa kama mtu aliyekwisha kula.

"Mdai, una maswali kwa shahidi?"

Najma alisimama. Alimtazama mama mkwe wake kizimbani, na mazoea ya miaka kumi na tano yakatangulia akili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Hapa mahakamani hatuamkiani," hakimu alisema, ingawa kwa upole. "Uliza swali."

"Mama," Najma alisema, sauti inatetemeka, "samahani nitakuuliza. Gari tuliloahidiwa lilikuwa la paa la kufunguka. Lile tulilopanda, paa lilifunguka?"

"Paa?" Bi Siti alishangaa. "Mlango wenyewe haukufunguka! Si ulikuwa unafunguliwa kwa nje? Kule kwenye tope, Robert alipotoka kuomba msaada, nilibanwa haja nikashindwa kutoka. Ismail akanipitisha mlango wa nyuma, kwenye mizigo, miguu mbele. Miguu mbele, mheshimiwa, kama maiti. Nikasema Mungu wangu, ndiyo nimeshafika."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Bryson aliinua kichwa.

"Na bwawa la kuogelea," Najma aliendelea, sasa sauti imekaa, "uliliona?"

"Bwawa gani? Kulikuwa na ndoo. Ndoo nzuri, ya bluu."

"Tulipofika mapokezi, yule dada alituuliza nini?"

"Aaa! Alituuliza, mnalala au mnapumzika. Nikamjibu tutapumzika kwanza halafu tulale. Msichana mstaarabu, anafikiria uchovu wa wasafiri."

Mzee wa baraza wa kushoto alishika mdomo. Wa kulia aligeuka ukutani, mabega yanacheza. Hata hakimu alivua miwani akaifuta, na kuifuta kwake kulichukua muda. Bi Siti alitazama huku na huku. Akamtazama Ismail kwenye benchi, naye Ismail, safari hii bila saa yoyote ya kujificha, alikuwa ameziba uso kwa viganja.

"Wanacheka nini?" Bi Siti aliuliza.

Najma alisita. Angeweza kukaa, alikuwa ameshapata alichotaka. Lakini Bi Siti alikuwa akimngojea yeye, si mwingine.

"Mama, zile nyumba za namna ile," alisema taratibu, "wapo wanaokodi chumba kwa saa moja. Wawili wawili. Ndiyo kupumzika kwenyewe."

Ilichukua muda kidogo. Kisha uso wa Bi Siti ukabadilika, si kwa aibu; kwa hasira safi. Aligeuka mzima mzima kumkabili Bryson.

"Wewe! Umenilaza mimi, mjane wa imamu msaidizi, na mjukuu wangu msichana, kwenye danguro? Halafu unanirusha mtandaoni watu elfu kumi na moja wanione nakushukuru?"

"Bibi, si danguro, ni gesti ya kawaida—"

"Bibi yako nani? Chukua halua yako!" Akasita, akakumbuka. "Halua nimeila. Lakini rudisha heshima."

"Shahidi," hakimu alisema, "jibu maswali tu. Mdai, umemaliza?"

"La mwisho, mheshimiwa." Najma alivuta pumzi. "Mama, mdaiwa anasema ulifurahi, kwa hiyo hatudai kitu. Chukulia umekuja dukani kwangu, ukalipia sahani za udongo, mimi nikakufungia za plastiki. Ukaenda nyumbani ukapakua pilau, ukala, ukashiba, ukafurahi. Ungeniambia nini?"

Bi Siti hakuhitaji kufikiri. "Pilau ningekula. Sahani ningezirudisha, na ningewasimulia watu." Akainua kidole kuelekea kwa Bryson. "Na wewe usinichanganyie. Nimefurahi kwa tembo. Tembo hukunipa wewe, kaja kuiba ndizi. Furaha yangu ni yangu, si risiti yako."

Kalamu ya hakimu ikasikika ikikwaruza.

Kabla ya hukumu hakimu aliwauliza kama wanaweza kuelewana. Bryson akaitaja Saadani. Najma akatikisa kichwa. Bi Siti, aliyeketi sasa karibu na mwanawe, alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona, "Na Serengeti aiweke huko huko."

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Hakimu alisema kifungu cha saba kinaruhusu kubadilisha kwa kitu cha hadhi sawa, na mdaiwa hakuonyesha kwamba gesti ile na gari lile vina hadhi sawa na alivyouza, wala hakuonyesha kuwa aliwahi kuilipia lodji. Kwamba mteja alipata furaha kwa njia yake haimwondolei muuzaji deni la alichoahidi. Hata hivyo, alisema, mdai aliihesabu gesti na Noah kwa bei ya chini mno, ilhali alilala, na alisafirishwa hadi kurudi. Tofauti aliyoidai ipunguzwe. Akampa Najma milioni moja na laki moja badala ya alizodai, pamoja na gharama za kesi.

Najma aliipokea bila kinyongo. Angekuwa yeye kwenye kaunta, angekata vivyo hivyo.

Njiani kurudi, Bi Siti alitembea mbele yao. Walipofika karibu na soko akasimama ghafla, akamgojea Najma amfikie.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua, Mama."

"Na ukaninyamazia."

"Ulikuwa umefurahi sana na tembo wako. Niliona nisikuharibie."

Bi Siti akampachika mkono wake kwapani, jambo ambalo hakulifanya tangu kesi ianze. "Siku nyingine niharibie," alisema. "Lakini polepole."

Bryson alilipa nusu ndani ya mwezi. Nusu nyingine ikaanza kuota mbawa: leo yuko Arusha, kesho mtandao wa benki umelala. Najma akarudi kwa karani, akaomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, na dalali wa mahakama alipopiga hodi kwa Bryson kuuliza vitu gani vya ofisi vinaweza kukamatwa kufidia deni, mwenyewe akakumbuka kwamba mtandao wa benki umeamka.

Alileta mwenyewe, Jumapili mchana, hadi nyumbani. Alikuja bila suti. Alisimama mlangoni na bahasha, amekonda kidogo, akasema "shikamoo" moja kwa kila mtu hata kwa Nasreen. Najma alipokea, akamwandikia karatasi ya kupokea, wote wawili wakatia sahihi. Bryson akageuka aondoke.

"Wewe, unakwenda wapi?" Bi Siti alisema kutoka jikoni. "Mtu anafika nyumba ya watu saa ya chakula anaondoka na njaa? Mimi sijakusamehe. Lakini kaa."

Najma alimkodolea macho mama mkwe wake. Bi Siti hakuyaona, au aliyaona. Ismail akavuta kiti. Bryson akakaa ukingoni mwake, mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Dada Najma," alisema, "nina ombi dogo. Ile komenti uliyoandika kwenye ukurasa wa kampuni. Ile ya 'ulizeni kwanza kama mnalala au mnapumzika.' Wateja wanaisoma. Hela nimeshalipa. Huwezi kuifuta?"

"Siwezi."

"Hata kuipunguza?"

"Bryson," Najma alisema, akamsogezea sahani ya wali na mchuzi wa samaki, akamwekea na kachumbari, akamwekea na pilipili ya kukaanga kando, "kula kwanza, chakula kinapoa."